Somo: Kupanga elementi za periodi ya 3 kwa ukubwa wa atomu na nishati ya uionishaji

Swali hili linarudi kila jaribio la kemia linapokaribia. Naliandika lote hapa. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

1. Andika periodi kwa mfuatano: Na, Mg, Al, Si, P, S, Cl, Ar.

2. Nusukipenyo cha atomu hupungua ukienda kulia. Kila hatua kiini kinaongeza protoni moja, ila elektroni mpya inaingia ganda lile lile la tatu, kwa hiyo mvuto unazidi. Sodiamu ina pm 186, klorini 99. Agoni usiilinganishe, kipimo chake hupatikana kwa njia tofauti.

3. Nishati ya kwanza ya uionishaji kwa jumla hupanda.

4. Hapa ndipo alama zinapopotea, kwa sababu inashuka mara mbili. Magnesi ni kJ/mol 738, alumini 578. Fosforasi ni 1012, salfa 1000. Elektroni ya nje ya alumini iko 3p, ambayo ina nishati ya juu kuliko 3s na inakingwa na zile mbili za 3s, hivyo hung'oka kwa urahisi. Kwenye salfa, elektroni mbili za 3p zinakaa obiti moja na kusukumana. Za fosforasi zina obiti moja kila moja. Angalieni: msiseme alumini inashuka kwa kuwa atomu yake ni kubwa. Ni ndogo kuliko magnesi! Na kwa salfa, kuandika tu "nusu iliyojaa ni imara" hakutoshi. Taja msukumano.

Maswali

— Mkuu, kati ya Mg na Al ipi kubwa? Nina haraka.

— Kubwa kwa lipi? Ukubwa wa atomu soma hatua ya 2, nishati soma ya 4.

— Mimi nimefundishwa inapanda tu, moja kwa moja.

— Basi linganisha 738 na 578 uniambie ipi imepanda.

— Je, periodi ya 2 nayo ina mishuko hiyo?

— Ndiyo, na sababu ni zile zile. Berili 900, boroni 801. Naitrojeni 1402, oksijeni 1314.

— Na wakiuliza nishati ya pili ya uionishaji?

— Swali zuri sana. Kwanza ondoa elektroni moja kwa kila atomu, ndipo uandike mpangilio wa ioni iliyobaki. Al⁺ inaishia 3s², Si⁺ inaishia 3p¹. Kwa hiyo mshuko umehamia kulia: alumini 1817, silikoni 1577. Sodiamu nayo inaruka hadi 4562, maana Na⁺ haina tena elektroni kwenye ganda la tatu, inabidi ung'oe ya ganda la pili.

— Kumbe! Kwa hiyo ukiona 4562 kwenye jedwali lisilo na majina, hiyo ni kundi la 1?

— Ukiona ya kwanza ni 496 tu kisha ya pili inaruka hivyo, ndiyo.