Emoji zinapogeuka nyeusi au kutoweka kwenye PDF: namna ya kutambua chanzo na kurekebisha

Tuchukue tangazo la ukurasa mmoja lililoandikwa kwa Microsoft Word kwenye Windows. Kila jambo limetanguliwa na ✅, tarehe ina 📅 kando yake, na namba ya simu ina ☎. Kwenye skrini alama zote ziko katika rangi zake, lakini ukihifadhi faili kama PDF unakuta zimekuwa michoro myeusi yenye mistari tu. Ukimtumia mwenzako faili lile lile, naye akalibadilisha kuwa PDF kwa programu ya zamani kwenye Linux, yeye anaweza kupata nafasi tupu mahali palipokuwa na emoji. Dalili hizi mbili zinatofautiana, ila mzizi wake ni mmoja, na ukiujua huhitaji tena kubahatisha mipangilio.

Hatua ya 1: Iondoe printa kwenye orodha ya washukiwa

Kabla ya kuchapa chochote, fungua PDF na ukuze ukurasa hadi asilimia 800. Iwapo rangi zipo kwenye skrini lakini karatasi inatoka nyeusi, faili halina kosa: tazama kwenye dirisha la kuchapa kama kisanduku cha "Print in grayscale" kimewekewa alama. Iwapo emoji ni nyeusi au haipo hata ukiikuza, basi rangi ilipotea wakati PDF ilipotengenezwa, na kubadilisha wino hakutasaidia kitu.

Hatua ya 2: Nakili alama na uibandike kwingine

Chagua mahali emoji inapopaswa kuwa ndani ya PDF, nakili, kisha bandika kwenye sehemu ya anwani ya kivinjari. Mara nyingi emoji itatokea pale ikiwa na rangi zake zote, hata kama kwenye PDF palikuwa patupu. Hiyo inathibitisha kwamba herufi yenyewe ilisafiri salama na kilichopotea ni mchoro wake.

Hapa inafaa kueleza mchoro huo hukaa wapi. Emoji ni herufi kama "a" au "b", yenye namba yake katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi. 📅, Kwa mfano, ni U+1F4C5. Rangi haimo katika namba hiyo, bali imo katika fonti, na kila kampuni imeiweka kwa njia yake. Segoe UI Emoji ya Windows huchora kila emoji kwa maumbo kadhaa yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likichukua rangi yake kutoka kwenye jedwali la rangi lililomo ndani ya fonti. Noto Color Emoji, ambayo ni ya kawaida kwenye Linux, katika toleo lake lililozoeleka hubeba picha ndogo za PNG.

Muundo wa PDF, kwa upande wake, unapopachika fonti ya kawaida huchukua umbo la herufi na kulijaza rangi moja, ile ya maandishi. Majedwali ya rangi na picha za PNG zilizomo ndani ya fonti hauzitambui. Programu isiyojua kuzunguka kikwazo hicho huchukua umbo la msingi peke yake. Segoe UI Emoji ina umbo la msingi lenye mistari, na ndiyo maana unapata emoji nyeusi. Noto yenye PNG haina umbo lolote chini ya picha, kwa hiyo kinachobaki ni nafasi tupu. Kwa kifupi, weusi unakuambia kwamba fonti ilikuwa na umbo la akiba, na utupu unakuambia kwamba haikuwa nalo.

Hatua ya 3: Soma fonti zilizomo ndani ya PDF

Ukiwa na zana za Poppler, ambazo huchunguza faili za PDF, andika amri hii kwenye terminal:

```
pdffonts tangazo.pdf
```

Tazama mstari wenye jina la fonti ya emoji. Ukiona kitu kama hiki, umeshapata jibu:

```
BCDEEE+SegoeUIEmoji   CID TrueType   Identity-H   yes yes yes
```

Maneno "CID TrueType" yana maana kwamba fonti imepachikwa kama ya kawaida, yaani umbo moja na rangi moja. Programu inayoifahamu kazi hii hutumia aina ya fonti iitwayo "Type 3", ambayo huruhusu kila herufi iwe mchoro kamili wenye rangi au picha. Mimi huanza na amri hii kabla ya kugusa mpangilio wowote, kwa sababu inaonyesha kilichomo ndani ya faili na haitegemei programu unayolisomea.

Hatua ya 4: Badilisha njia ya kutengeneza PDF

Katika Word, hifadhi nakala ya hati kwa aina ya "Web Page, Filtered", ifungue kwa toleo jipya la Chrome, bonyeza Ctrl+P, na kwenye "Destination" chagua "Save as PDF". Usichague "Microsoft Print to PDF" kwenye orodha hiyo hiyo; majina yanafanana, lakini hiyo ya pili hupitia mfumo wa uchapaji wa Windows. Rudia `pdffonts` na uhakikishe kwamba "Type 3" imetokea. Kasoro ya njia hii ni kwamba mipaka ya kurasa inaweza kuhama, kwa hiyo inafaa tangazo fupi kuliko ripoti yenye majedwali. Anayetumia LibreOffice na ajaribu toleo la 7.5 au jipya zaidi, ambalo linajua kupachika fonti za rangi.

Ikiwa ✅ na 📅 zimepata rangi lakini ☎ imebaki nyeusi, hiyo ni habari nyingine. U+260E ni miongoni mwa alama za zamani ambazo Unicode huzihesabu kuwa maandishi mpaka zifuatwe na herufi isiyoonekana U+FE0F. Rudi Word, weka kishale mara baada ya ☎, andika FE0F, kisha bonyeza Alt+X. ❤ na ✔ zina tabia hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Mpangilio usipokubali kuguswa, tumia picha

Kwa hati ambayo haiwezi kupitia kivinjari, ondoa emoji na uweke picha mahali pake. Usiipige picha emoji iliyo kwenye skrini, kwani itatoka na ukungu. Seti ya picha za emoji iitwayo Twemoji ina mafaili yanayoitwa kwa namba za Unicode, hivyo kalenda ni `1f4c5.png` na tiki ni `2705.png`. Ingiza picha, chagua "In Line with Text" ili isogee pamoja na maandishi, kisha weka kimo cha sentimita 0.42, ambacho ni sawa na pointi 12.

PNG za Twemoji zina pikseli 72 kwa 72. Kwa kimo cha pointi 12 hiyo ni takriban dpi 432, yaani nukta 432 kwa kila inchi, ambayo inatosha kabisa kwenye karatasi. Lakini ukiikuza picha ile ile hadi pointi 48 kwa ajili ya kichwa cha tangazo, inashuka hadi dpi 108 na kingo zake zinaanza kuonekana kama ngazi. Kwa ukubwa huo chukua faili la SVG la namba ile ile, yaani mchoro usiopoteza ubora ukikuzwa, ambalo Word ya Microsoft 365 hulipokea. Kumbuka kwamba picha haitanakilika wala kutafutika kama herufi, na programu ya kusomea wasioona haitaitaja mpaka uiandikie maelezo kwenye "Alt Text".