Mpira unaodunda, kisha mtoto anayeruka dimbwi

Wiki iliyopita nilikaa Sinza na kijana anayejifunza uhuishaji, ambaye mpira wake ulionekana kama unatua kwenye godoro. Mimi hutumia programu ya Blender kwa zoezi hili, kwa fremu 24 kwa sekunde.

Kwanza, mpira. Mwendo wa juu na chini pekee unatosha. Uweke mita 1.2 juu ya sakafu kwenye fremu ya 1 na uufikishe chini kwenye fremu ya 13, kwa kuwa kitu kinachoanguka kutoka kimo hicho hutumia takriban nusu sekunde.

Pili, kubonyea na kuvutika. Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima zamani. Kabla ya yote, weka `3D Cursor` kwenye sehemu ya mpira inayogusa sakafu na uhamishie hapo kitovu cha mpira (`Origin to 3D Cursor`), la sivyo mpira ukibonyea utaacha uwazi chini yake. Kisha weka vipimo hivi vya ukubwa, Z ikiwa kimo na X,Y upana:

```
fremu  10: Z 1.0   X,Y 1.0
fremu  13: Z 1.2   X,Y 0.91
fremu  14: Z 0.7   X,Y 1.2
fremu  15: Z 1.2   X,Y 0.91
fremu  18: Z 1.0   X,Y 1.0
```

Mpira ukipungua kimo sharti utanuke ubavuni, kwa sababu ujazo wake haubadiliki. Usipoutanua, utaonekana kuwa umesinyaa. Kosa la yule kijana lilikuwa kuruka fremu ya 13: alitoka fremu ya 10 moja kwa moja hadi mbonyeo wa fremu ya 14, na kompyuta ikaanza kuuminya mpira ungali hewani. Mpira uguse sakafu ukiwa umevutika, ndipo ubonyee katika fremu inayofuata. Tena, weka mpira sakafuni kwenye fremu ya 15 pia, kisha kwenye `Graph Editor` chagua alama za mahali za fremu ya 13 na 15, bonyeza `V`, kisha `Vector`, ili mpira usipunguze mwendo unapokaribia sakafu. Kileleni acha mkunjo laini.

Tatu, mtoto. Chukua mtoto mwenye mkoba mgongoni, anayeruka dimbwi la masika. Kiuno chake ndicho mpira. Maandalizi huchukua fremu 8: magoti yanakunjwa, mikono inarudi nyuma, na anabaki hapo fremu 2 ili mtazamaji ajue kinachokuja. Kisha mwili wote unanyooka ndani ya fremu 2. Anatua miguu ikiwa imenyooka, halafu kiuno kinashuka kwa fremu 4. Usimbonyeze kwa vipimo vya mpira, kwa maana ana mifupa. Acha magoti na mgongo vifanye kazi hiyo.

Mkoba ni mwendo unaofuatia. Kiuno kikiwa kimefika chini, mkoba bado unashuka kwa fremu 3 zaidi, unapanda kidogo kiuno kinapoinuka, ndipo unatulia. Vyote vikitulia katika fremu moja, mtoto ataonekana kama sanamu ya mbao.