Kompresa ikizima kila dakika chache, jaribu kwanza nyuzi 16

Kabla hujamwita fundi aongeze gesi, shusha rimoti hadi nyuzi 16 uone. Nazungumzia kiyoyozi cha kawaida, si cha inveta.

Kompresa ikitulia na kuendelea kufanya kazi, basi awali ilikuwa inazima kwa sababu chumba kilishafika joto uliloweka. Mara nyingi mashine ni kubwa mno: ya BTU 18,000 kwenye chumba cha mita tatu kwa tatu, ambacho kwa kawaida BTU 9,000 zinakitosha. Utaijua pia kwa ubaridi wenye unyevu, shuka zinakuwa kama hazijakauka. Gesi haitatibu hilo.

Ikizima hata kwenye nyuzi 16 na chumba bado cha moto, kuna kinga inayoikata. Nenda kwenye mashine ya nje. Feni yake ikiwa haizunguki au inajikokota, kapasita huenda imechoka. Ikizunguka vizuri lakini mapezi yamezibwa na vumbi na chumvi ya bahari, joto halitoki, presha inapanda, swichi ya presha ya juu inakata. Presha ikishuka inarudi yenyewe, ndiyo maana unaona washa-zima. Zima umeme kwenye breka, osha mapezi kwa maji ya kawaida, si ya presha kali, kisha jaribu tena.

Barafu kwenye bomba jembamba huashiria gesi imepungua. Hapo fundi atafute uvujaji kwanza. Akitaka kuunganisha nyaya moja kwa moja aruke swichi, mkatalie, kompresa itaungua.