SOMO: Umepoteza kazi? Panga pesa kwa mpangilio huu kabla hujagusa hisa zako

Wakuu, watu wengi wakiachishwa kazi kitu cha kwanza wanauza hisa au vipande vya mfuko wa uwekezaji, cha pili wanachukua kiinua mgongo chote wanalipa madeni ili moyo utulie. Vyote viwili vinaweza kukuumiza, tuende taratibu na mfano mmoja.

Tuseme mtu ana akiba 1,200 benki na amepewa kiinua mgongo 3,000, jumla 4,200. Ana hisa za 6,000. Matumizi yake 900 kwa mwezi, ndani yake kuna marejesho ya mkopo wa nyumba na mkopo mdogo wa riba kali uliobaki 800, anaurejesha 100 kila mwezi.

Hatua ya 1. Hesabu miezi, achana kwanza na jumla ya pesa. 4,200 gawanya kwa 900 ni miezi minne na nusu hivi. Akikata yasiyo ya lazima akabaki na 600, anapata miezi 7. Hapo hajauza chochote, na ndo maana kukata matumizi kunafanyika wiki ya kwanza, sio mwezi wa tatu pesa ikishaliwa.

Hatua ya 2. Panga nani analipwa kwanza. Chakula, pango au nyumba, umeme na maji, bima ya afya, na kile unachotumia kutafutia kazi (nauli, simu, bando). Halafu madeni yenye dhamana, maana ukikosa kulipa wanachukua nyumba au gari. Madeni yasiyo na dhamana yanafuata, hata kama hao ndo wanapiga simu kuliko wote. Anayepiga kelele sana sio lazima awe wa kwanza kulipwa.

Hatua ya 3. Hapa ndo pazuri. Deni gani ulimalize kwa mkupuo? Chukua deni lililobaki ugawanye kwa rejesho la mwezi. Ule mkopo mdogo, 800 kwa 100 ni 8, karibu sawa na miezi yake 7. Akiumaliza leo anabaki na 3,400 lakini matumizi yanashuka mpaka 500, yani miezi 6.8. Kapoteza siku chache tu na riba kali imekufa, kwahiyo afanye. Sasa mkopo wa nyumba, tuseme umebaki 20,000 na rejesho ni 200, hiyo ni 100, mbali sana na miezi yake 7. Akitupia 3,000 huko mara nyingi rejesho la mwezi linabaki vilevile, pesa imeshaingia kwenye kuta na mwezi wa pili hana hela ya kula. Huo aendelee kulipa rejesho la kawaida tu.

Hatua ya 4. Uwekezaji wa muda mrefu: simamisha kuchangia, usiuze. Kazi zikipungua kwa wengi mara nyingi na bei za hisa zinakua zimeshuka, na hisa ikishuka kwa asilimia 30 inahitaji kupanda karibu asilimia 43 kurudi ilipokua, ukiuza pale chini hiyo safari ya kupanda haikuhusu tena. Ikibidi, anza na pesa taslimu, halafu amana na mifuko ya ukwasi, halafu hatifungani, hisa baadae, pensheni mwisho kabisa. Na usisubiri ufike sifuri, ukibakiwa na matumizi ya miezi 2 anza kuuza kidogokidogo, ya mwezi mmoja mmoja. Anayeuza akiwa hana hata mia anakubali bei yoyote.

MASWALI

Swali: Mkuu mimi nina bima ya maisha ile yenye akiba, mwaka wa pili huu, nivunje?
Jibu: Usivunje kabla hujauliza. Miaka ya mwanzo ukivunja unarudishiwa kidogo sana au hupati kitu. Waulize kama unaweza kusimamisha michango au kupunguza kiwango bima ikabaki hai, na wakupe kwa maandishi.

Swali: Benki niwaambie nimepoteza kazi au nikae kimya mpaka wanitafute?
Jibu: Waambie kabla hujakosa rejesho la kwanza dada yangu, wakati rekodi yako bado safi. Omba kuongezewa muda au kulipa riba tu kwa miezi kadhaa. Ila uliza jumla utakayolipa mpaka mwisho, maana rejesho dogo kwa muda mrefu linaongeza riba. Na angalia mkataba, mikopo mingine ina bima ya kupoteza ajira na watu hawajui wanayo.

Swali: Kiinua mgongo nikifungulie biashara?
Jibu: Tenga kwanza matumizi ya miezi 6. Kinachobaki juu ya hapo ndo mtaji, kama hakibaki kitu basi biashara ianze na ile isiyohitaji mtaji, yani ujuzi uliokua unaufanya kazini.