Dirisha linaloteleza: jinsi ya kutambua swali linalolitaka kabla hujaandika msimbo

Wengi wanaojifunza mbinu hii huanza kwa kukariri msimbo wake, kwa sababu ni mfupi na unakaa kichwani haraka. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Kisha nikakaa kwenye usaili wa kazi, nikapewa swali la jumla ya namba katika orodha, nikaandika dirisha langu kwa dakika tano. Mifano yote iliyokuwa kwenye karatasi ya swali ilipita. Majaribio yaliyofichwa yakakataa, na sikujua kwa nini mpaka nilipofika nyumbani. Kuandika dirisha nilikuwa naweza. Nilichokosa ni kujua ni lini linaruhusiwa, na hicho ndicho ninachotaka tukifanyie kazi hapa.

Hatua ya 1: Hakikisha swali linataka kipande kilichoshikana

Dirisha ni sehemu ya neno au orodha inayoanzia nafasi moja na kuishia nafasi nyingine bila kuruka chochote katikati. Kwa neno *kandambili*, "ndam" ni kipande kilichoshikana, lakini "kdb" sicho, maana umeokota herufi huku na kule. Swali likikuruhusu kuruka, au kupanga namba upya, achana na dirisha hapo hapo.

Kama swali limekutajia urefu wenyewe, kwa mfano jumla kubwa kabisa ya siku 7 zinazofuatana, kazi ni nyepesi: ongeza siku inayoingia, toa siku inayotoka, basi. Ugumu uko kwenye maswali ambayo urefu haujulikani, yanayouliza kipande kirefu kuliko vyote au kifupi kuliko vyote chenye sharti fulani. Hayo ndiyo yanahitaji hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Fanya jaribio la kukata

Chukua kipande chochote kinachotimiza sharti. Kikate ncha moja, upande wowote. Je, kilichobaki bado kinatimiza sharti, kila mara, bila ubaguzi?

Tuseme sharti ni "hakuna herufi inayojirudia". Kipande "ndamb" kinatimiza. Ukikata n mwanzoni au b mwishoni, hakuna namna herufi iliyobaki itaanza kujirudia. Jibu ni ndiyo, siku zote. Dirisha linafaa, na kwa kawaida utakuwa unatafuta kipande kirefu kuliko vyote.

Kuna upande wa pili wa jaribio hili. Tuseme orodha ina namba chanya tupu na sharti ni "jumla isipungue 8". Ukikata kipande kinachofaa, huenda kikaharibika. Lakini ukikirefusha, jumla inaongezeka tu, kwa hiyo kitaendelea kufaa. Hilo nalo linatosha, ila sasa utakuwa unatafuta kipande kifupi kuliko vyote.

Kwa nini jaribio hili lina uzito wote huu? Dirisha lina ncha mbili, na zote mbili zinasogea mbele tu. Hakuna ncha inayorudi nyuma. Ncha ya kushoto inapoacha nafasi fulani, umeamua kwamba hakuna jibu bora linaloanzia pale, hata ncha ya kulia ikienda mbali kiasi gani. Jaribio la kukata ndilo linalokupa haki ya kuamua hivyo. Kama "anda" tayari ina a mbili, basi kila kipande kinachoanzia pale na kwenda mbele zaidi kitabeba a hizo hizo mbili. Hakuna haja ya kuvikagua.

Hatua ya 3: Jiulize kama hesabu inaweza kuingia na kutoka

Herufi inapoingia dirishani ni lazima uweze kurekebisha kumbukumbu yako kwa hatua chache, na inapotoka vilevile, bila kusoma dirisha zima upya. Jumla inaruhusu hilo: unajumlisha, unatoa. Idadi ya kila herufi inaruhusu pia. Namba kubwa kuliko zote ni ngumu zaidi, kwa sababu ikitoka hujui ipi inayofuata kwa ukubwa. Hapo utahitaji foleni ya msaada. Usiikimbie, ila ujue kazi imeongezeka.

Mfano kamili: kandambili

Swali: tafuta urefu wa kipande kirefu kuliko vyote kisicho na herufi inayojirudia. Tumeshapita jaribio la kukata, na kumbukumbu ni idadi ya kila herufi iliyomo dirishani. Msimbo wake kwa Python ni huu:

```python
def bila_kurudia(neno):
    idadi = {}
    kushoto = 0
    bora = 0
    for kulia in range(len(neno)):
        h = neno[kulia]
        idadi[h] = idadi.get(h, 0) + 1
        while idadi[h] > 1:
            idadi[neno[kushoto]] -= 1
            kushoto += 1
        bora = max(bora, kulia - kushoto + 1)
    return bora
```

Tuutembeze kwa mkono. Nafasi zinaanza 0: k ni 0, a ni 1, n ni 2, d ni 3, a ni 4, m ni 5, b ni 6, i ni 7, l ni 8, i ni 9.

Ncha ya kulia inaingiza k, a, n, d bila tatizo. Dirisha ni "kand", na bora ni 4. Inaingia a ya nafasi ya 4, na idadi ya a inakuwa 2. Sharti limevunjika, kwa hiyo kushoto inaanza kusogea. Inatoka k kwanza, lakini a bado ni mbili. Inatoka a ya nafasi ya 1, na sasa a imebaki moja. Dirisha ni "nda", urefu 3, na bora inabaki 4. Angalia vizuri hapo: k ilikuwa haina kosa lolote, lakini ililazimika kutoka kwa sababu iko nyuma ya herufi yenye kosa. Ndiyo maana tunatumia `while`, si `if`. Ukiweka `if`, itatoka k peke yake na dirisha litabaki na a mbili.

Kisha zinaingia m, b, i, l mfululizo. Dirisha linakua mpaka "ndambil", urefu 7, na bora inakuwa 7. Mwishoni inaingia i ya nafasi ya 9. Sasa kushoto inapaswa kuifikia i ya nafasi ya 7, na njiani inatoa n, d, a, m, b, halafu i yenyewe. Herufi sita kwa mpigo mmoja. Dirisha linabaki "li", na jibu ni 7.

Watu wengi wakiona `while` ndani ya `for` hudhani kazi ni mraba wa urefu wa neno. Hesabu herufi zinazopita mlangoni: kila moja inaingia mara moja na kutoka mara moja tu, ikitoka. Kwa neno la herufi 100,000, miondoko ya ncha zote mbili haizidi 200,000. Ukikagua vipande vyote kimoja kimoja, ni zaidi ya bilioni 5.

Kama swali lingekuwa la kipande kifupi kuliko vyote, `while` ingezunguka dirisha likiwa linafaa, `max` ingekuwa `min`, `bora` ingeanza na namba kubwa badala ya 0, na mstari wake ungehamia ndani ya `while`, kabla ya kusogeza kushoto. Unapotafuta kirefu, unaandika jibu baada ya dirisha kupona. Unapotafuta kifupi, unaandika jibu kila wakati dirisha likiwa linafaa, kisha unalibana zaidi.

Pale ambapo linaonekana linafaa, kumbe sivyo

Sasa turudi kwenye swali lililoniangusha, kwa namba ndogo. Tafuta kipande kifupi kuliko vyote chenye jumla isiyopungua 8, katika orodha hii:

```python
[6, -4, 3, 5]
```

Jibu sahihi unaliona kwa macho: 3 na 5 mwishoni, jumla 8, urefu 2. Dirisha linafanya nini? Linaingiza 6, jumla 6. Linaingiza -4, jumla 2. Linaingiza 3, jumla 5. Linaingiza 5, jumla 10. Sasa linafaa, linaandika urefu 4, kisha linatoa 6. Jumla inashuka hadi 4, sharti limevunjika, linaacha kubana. Orodha imekwisha, na jibu lake ni 4.

Kosa liko wapi? Dirisha liliacha kubana likiamini kwamba kukata zaidi kutapunguza jumla zaidi. Lakini namba iliyofuata kutoka ilikuwa -4, na kuitoa kungepandisha jumla hadi 8. Hasi moja tu imevunja upande wa pili wa jaribio la kukata: kurefusha kipande hakuhakikishi tena kwamba kitaendelea kufaa. Mifano ya kwenye karatasi yangu ilikuwa na namba chanya tupu, na maelezo ya swali yalitaja hasi katika mstari mmoja wa chini, kwenye mipaka ya namba. Siku hizi nasoma mipaka hiyo kabla ya kusoma mifano.

Ukikutana na hasi kwenye swali la jumla, tumia jumla za tangu mwanzo: jumla ya kipande ni jumla mpaka mwisho wake ukitoa jumla iliyokuwepo kabla ya mwanzo wake. Na kama una shaka yoyote, andika toleo la polepole linalokagua vipande vyote, tengeneza orodha za bahati nasibu zenye namba tano au sita tu, hasi zikiwemo, na ulinganishe majibu. Orodha fupi zinatosha kabisa. Hii ya juu ina namba nne.

Neno "haswa" kwenye swali

Kuna maswali yanayoshindwa jaribio pande zote mbili lakini yanaokoleka. Mfano: katika neno *tatu*, kuna vipande vingapi vyenye herufi tofauti 2 haswa? Kipande "tat" kinafaa. Kikate hadi "t" na kinaharibika. Kirefushe hadi "tatu" na kinaharibika pia, kwa sababu u ni herufi ya tatu.

Badilisha sharti liwe "zisizozidi 2", na jaribio la kukata linapita, maana kukata hakuongezi herufi tofauti. Kwa kila hatua ya ncha ya kulia, idadi ya vipande vinavyoishia pale ni urefu wa dirisha. Kwa *tatu* madirisha yatakuwa "t", "ta", "tat", na mwishoni "tu": 1, 2, 3 na 2, jumla 8. Rudia kwa "zisizozidi 1": dirisha linakuwa herufi moja kila mara, jumla 4. Toa 4 kwenye 8, zimebaki 4, nazo ni "ta", "at", "tat" na "tu".