Kabla hujaenda usaili wa meneja wa bidhaa: jiandae kwa swali la kumkatalia mkubwa

Tumia bidhaa yao kwanza. Jisajili kama mgeni, fika hadi mwisho, andika palipokukwamisha. Hili halina mjadala.

Andaa visa viwili vya kukataa ombi la mkubwa, si sita. Kwa kila kimoja ujue nani aliomba, nani alikuwa na kauli ya mwisho, kazi ingechukua muda gani na nani alikadiria muda huo. Ukisema "ingechukua mwezi" na wahandisi hawakuulizwa, wasaili watakubana hapohapo, na wana haki.

Fomula ya kuamua kazi ipi itangulie nayo ijue, ila usiiegemee. Wengi huja wameikariri RICE, ile iliyotoka kwa kampuni ya Intercom: unazidisha idadi ya watakaofikiwa kwa ukubwa wa athari kwa kiwango cha uhakika wako, kisha unagawa kwa kazi inayohitajika. Athari hupewa alama kati ya 0.25 na 3, uhakika ni asilimia 100, 80 au 50, na kazi hupimwa kwa miezi ya mtu mmoja. Ni hesabu ya darasa la tano. Kazi iko kwenye namba unazoziingiza, na hapo ndipo nimeona watu wenye uwezo mkubwa wakianguka.

Nilikuwa upande wa wasaili siku alipoingia kijana mmoja, mwepesi wa kufikiri na aliyejipanga. Alikuwa amesimamia programu ya kuweka miadi ya kliniki. Mkurugenzi wa mauzo alitaka ijengwe ripoti ya PDF ya kila mwezi, yeye akataka kwanza kurekebisha hatua ya kuthibitisha namba ya simu, ambapo wagonjwa wapya walikuwa wakikwama. Akatuandikia ubaoni:

```
Uthibitisho wa simu: 400 × 1 × 0.8 ÷ 2 = 160
Ripoti ya PDF:        30 × 3 × 0.5 ÷ 1 = 45
```

Akamalizia kwamba waliwahoji watumiaji 12 na 9 kati yao walisema ripoti haina maana kwao. Kwa hiyo alimwambia mkurugenzi hapana, akimwonyesha data. Alikaa chini akiwa ameridhika kabisa.

Mwenzangu akamuuliza, "Hao 12 ni akina nani?"

"Wagonjwa wanaotumia programu."

"Na ripoti ilikuwa ya nani?"

"Mameneja wa kliniki." Akasita, maana alijisikia mwenyewe alichokisema.

Hakuna meneja hata mmoja aliyehojiwa. Mgonjwa ataitakia nini ripoti ya mwezi? Zaidi ya hapo, ile 30 ubaoni ni mameneja 30 ambao kliniki zao ndizo zinazolipia programu, na wale 400 hawalipi chochote. Fomula inahesabu vichwa tu. Haijui nani ameshika pochi, wala haijui kwamba meneja mmoja akiondoka anaondoka na wagonjwa wake wote. Huenda uamuzi wa kijana ulikuwa sahihi. Lakini ushahidi alioleta haukugusa swali lililokuwa mezani, na nafasi hakuipata.

Kwa hiyo kila ushahidi utakaokwenda nao, uulize kwanza umetoka kwa nani. Waliohojiwa ni watumiaji au walipaji? Wamebaki au walishaondoka? Ukiwahoji waliofaulu kujisajili kuhusu ugumu wa kujisajili, watakwambia hakuna shida, kwa sababu walioshindwa hawapo kwenye orodha yako. Malalamiko ya huduma kwa wateja nayo yana kasoro yake: mtu mmoja mwenye hasira anaweza kuandika mara kumi, kwa hiyo hesabu watu, si ujumbe. Na mtu akisema "ningeitumia sana", hilo ni adabu tu. Uliza mara ya mwisho alipokutana na tatizo hilo alifanyaje.

Kisa cha kijana yule kingeokolewa na maswali matatu kwa mkurugenzi: ni mteja gani ameomba, alisema nini kwa maneno yake mwenyewe, na atafanya nini na ripoti akishaipata. La tatu ndilo lenye uzito. Tuseme jibu ni kwamba meneja wa kliniki kila mwisho wa mwezi anakaa na daftari kuhesabu waliopanga miadi wasitokee, ili ampe mwenye kliniki. Hapo anachohitaji ni hesabu ya wasiotokea, na PDF ni sura tu aliyoizoea. Hesabu hiyo mtu mmoja anaweza kuitoa kwenye hifadhidata kwa mkono na kuwatumia mameneja watano faili la Excel kwa miezi miwili. Kisha makusudi mwezi mmoja lichelewe siku moja. Atakayepiga simu kuulizia faili liko wapi amekupa ushahidi mzito kuliko mahojiano yote.

Sasa kukataa kwenyewe. Wasaili watataka kusikia maneno uliyotumia, kwa hiyo "nilimweleza vizuri akaelewa" haitoshi. Kuwa nayo tayari, kwa mfano: "Ripoti ya PDF hatutaijenga robo hii. Wahandisi wako kwenye uthibitisho wa simu, nikiwatoa, wagonjwa wapya wataendelea kukwama pale. Kliniki tano zitapata hesabu kwa mkono kuanzia mwezi huu. Tatu kati ya hizo zikiidai tena, naiweka mbele ya kazi nyingine." Hapo mkubwa anajua kitakachoathirika, anajua anachopata sasa, na anajua ni nini kitakachokubadilisha mawazo. Sema pia kwamba ulimwendea faragha kabla ya kikao. Mkurugenzi akikataliwa mbele ya watu wake atatetea heshima yake, na ripoti mtaisahau wote.

Swali linalofuata karibu kila mara ni: "Na kama angeshikilia msimamo wake?" Usikimbilie kusema ungempelekea bosi wake, wala usiseme ungekubali yaishe. Sema ungeuliza anajua nini usichokijua. Mkataba wa mteja mkubwa ukiisha mwezi ujao na ripoti ndiyo sharti, 45 inaweza kushinda 160 kihalali, na msaili atafurahi ukilisema hilo mwenyewe kabla hajakuuliza. Kama hana jipya na bado uamuzi ni wake, andika mistari michache ya kinachocheleweshwa na kwa muda gani, mtumie, kisha ijenge vizuri. Kujenga nusunusu kwa kinyongo ni kosa ambalo wahandisi watalikumbuka kuliko mkurugenzi.

Mengine ni madogo. Usitaje mapato wala majina ya wateja wa mwajiri wako wa sasa. Sema "karibu theluthi" badala ya kiasi, maana anayemwaga siri za huko atamwaga na za hapa. Usimchore bosi wako wa zamani kama mjinga. Ukipewa bidhaa usiyoijua, uliza nani anailipia kabla hujapanga chochote. Na kama usaili ni wa mtandaoni, jaribu maikrofoni mapema, weka kalamu na karatasi karibu kwa ajili ya hesabu, na zima arifa za simu.