Kabla ya kusema "ni methali", hesabu mizani

Mstari ukikujia kichwani bila jina la mwenyewe, na hujui kama ni utenzi, methali, wimbo au dua, usianze na maana, hesabu kwanza mizani yake, yaani silabi, kwa vidole. Mimi kwa miaka nilidhani "Negema wangu binti, mchachefu wa sanati" ni wimbo wa kubembelezea mtoto, maana nyanya aliusema kwa sauti ya kuvuta. Hesabu: ne-ge-ma-wa-ngu-bi-n-ti, nane. M-cha-che-fu-wa-sa-na-ti, nane tena. Hiyo "n" ya binti na "m" ya mwanzo kila moja ni mizani kamili, na hapo ndipo wengi hukosea wakapata saba. Nane kwa nane, vina vya -ti: harufu ya utenzi. Kweli, ndiyo mwanzo wa utenzi wa Mwana Kupona, wa 1858.

Mstari wa utenzi hudai mistari inayoufuata; methali haina deni hilo. "Haba na haba / hujaza kibaba" ni tano kwa sita, na husimama peke yake. Hakuna anayeuliza kinachofuata.

Nyimbo ndizo zinazosumbua, hasa taarabu, kwa sababu nyingi nazo ni nane kwa nane, na hubeba methali nzima ndani. Hapo mizani haisaidii. Jiulize kama unakumbuka kipande kinachorudiwa na kuitikiwa.

Dua hujulikana kwa kitenzi: utupe, utusamehe, utuondolee. Ila tenzi nyingi hufungua kwa kumwomba Mungu, kwa hiyo ukisikia "utupe" yenye mizani nane na vina, tafuta ubeti wa pili kwanza.